Fuvu Lililopokelewa: Kumsoma Mbiti Mbele ya Kabati la Kioo, Kalenga

Nilipanda basi la asubuhi Mbeya nikiwa na kitabu kimoja mkobani na deni moja moyoni. Kitabu ni kile cha John Mbiti cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, nakala chakavu ambayo mwenyewe wa kwanza aliipigia mistari ya penseli karibu kila ukurasa. Deni nitalieleza baadaye. Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, halafu Iringa. Kutoka Iringa mjini mpaka Kalenga ni kama kilometa 15, na ukishafika, makumbusho ya Mkwawa huyakosi.

Ndani kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati kuna fuvu. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi, lakini kulisoma na kulitazama ni mambo mawili. Ni dogo kuliko jina lake. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kumkodolea macho mtu asiyeweza kunigeuzia mgongo, kisha nikamuuliza mwongozaji swali ambalo bila shaka huulizwa kila wiki: hivi ni la kwake kweli?

Hakukasirika. Alinijibu taratibu, "Wazee walilipokea, dada."

Makala hii ni jaribio la kulielewa jibu hilo, kwa kuwa naona lina falsafa nzuri kuliko sura niliyokuwa nayo mkobani. Pia linaonyesha mahali ambapo Mbiti, mwandishi ninayempenda, anatuacha njia panda.

Tuanze na kisa chenyewe, kwa wale wanaokijua juujuu. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye sote tunamwita Mkwawa, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski akafia hapo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, walirudi chini ya Friedrich von Schele wakaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa hakukamatwa. Aliishi porini karibu miaka minne mingine, akihamahama, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya fedha. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi. Sajini Merkl alipoufikia mwili aliamuru kichwa kikatwe, na kikapelekwa kambini kwa kapteni Tom von Prince. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kichwa kikaishia Ujerumani.

Sasa njoo kwenye maandishi ambayo ningependa yasomwe kwenye madarasa yetu ya fasihi, ingawa si fasihi. Mkataba wa Versailles uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 kumaliza Vita Kuu ya Kwanza una kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni msahafu wa asili wa Khalifa Othman uliochukuliwa Madina, ambao urudishwe kwa mfalme wa Hejazi. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa, lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Soma kama msomaji, si kama mwanasheria. Kwanza, katikati ya kurasa za fidia, mipaka na manowari, kuna kichwa cha mtu mmoja wa Uhehe. Hilo lenyewe linasisimua. Pili, angalia fuvu linakabidhiwa kwa nani. Msahafu unarudi kwa mfalme wa mahali ulikotoka. Fuvu linakabidhiwa kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawatajwi, wala ukoo wa Mwamuyinga hautajwi. Kwa mujibu wa sentensi ile, aliyedhulumiwa kichwa cha Mkwawa ni London.

Haikuwa bahati mbaya. Wazo lilitoka kwa Horace Byatt, aliyekuwa akiiendesha koloni hii kwa niaba ya Waingereza, ambaye mwaka 1918 aliiandikia serikali yake kwamba kurudishwa kwa fuvu kungewafurahisha Wahehe waliowasaidia Waingereza vitani, na kungewaonyesha watu kwamba Mjerumani ameondoka moja kwa moja. Yaani maiti ilifanywa tangazo. Miezi sita ikapita, ikapita miaka, na Wajerumani wakasema hawana habari na fuvu kama hilo.

Ahadi ile ilikaa kabatini mpaka mwaka 1953, gavana Edward Twining alipokwenda Bremen kulitafuta katika jumba la makumbusho. Kulikuwa na mafuvu takriban 2,000, na kati yake 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Utaratibu wa kuchagua ulikuwa hivi: walipima umbo la mafuvu hayo 84 wakalinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Wakabaki na machache yaliyokaribiana. Katika hayo machache, moja lilikuwa na tundu la risasi. Likachukuliwa hilo.

Kama umesoma hadithi za upelelezi unajua udhaifu wa hoja hii. Upana wa kichwa ukiugawanya kwa urefu wake unapata uwiano ambao watu maelfu wanaweza kuwa nao, ndugu na wasio ndugu. Na tundu la risasi? Nchi hii ilikuwa vitani muda mrefu wa utawala ule. Aliyepigwa risasi ya kichwa hakuwa Mkwawa peke yake. Mwaka huohuo 1953 ndio Watson na Crick walitangaza umbo la vinasaba, kwa hiyo kifaa ambacho kingesaidia kujibu swali kilikuwa ndiyo kwanza kinazaliwa. Twining alikuwa na rula. Wanahistoria wamekuwa na shaka tangu wakati huo, na shaka yao ni ya haki.

Tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, fuvu lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Miaka 56 kasoro mwezi mmoja tangu kifo. Wazee wakalipokea.

Sasa tumlete Mbiti.

Mbiti, Mkamba, kasisi wa Anglikana, aliandika kitabu chake kwa Kiingereza, lakini pale alipotaka kueleza wakati alikopa maneno mawili kutoka kwetu: sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa haondoki kwenye sasa papo hapo. Anabaki humo maadamu kuna aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Huyu anamwita mfu aliye hai. Anatajwa, anamwagiwa pombe, anaulizwa mambo ya familia, anaweza kukasirika. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, pengine baada ya vizazi vinne au vitano, ndipo anapozama kwenye zamani, anakuwa mmoja wa roho zisizo na jina, na wajibu wetu kwake unafifia.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba linapinga ule usemi wa mtaani kwamba aliyekufa amekufa. Epikuro, Mgiriki wa kale, aliufanya usemi huo kuwa hoja: mauti yakiwepo sisi hatupo, kwa hiyo hakuna wa kuumia. Mbiti anasema hapana, yupo wa kuumia, tena jina lake unalijua. Kwa kisa cha Mkwawa anaonekana kufaa kabisa. Mkwawa hakuwahi kuzama kwenye zamani. Jina lake lilikuwa midomoni mwa watu mwaka 1898, mwaka 1919, mwaka 1954, na liko midomoni mwao leo. Ndiyo maana madai yake hayakufa.

Lakini ngoja. Turudi Bremen, tuhesabu tena. Yalikuwa 84. Liliondoka moja.

Yale 83 yalikuwa ya nani? Kila moja lilikuwa na mtu juu ya mabega yake, mwenye mama aliyempa jina. Majina hayo hayakupotea kwa sababu vizazi vitano vilipita na wakumbukaji wakafa kwa uzee. Yalipotea kwa sababu aliyechukua vichwa hakuona haja ya kuandika nani ni nani. Na hata hilo moja lililoondoka, ikiwa wenye shaka wana haki, huenda ni la mtu mwingine kabisa, ambaye leo yupo kabatini Kalenga akipokea heshima kwa jina lisilo lake, huku wajukuu zake hawajui kwamba alitoka nyumbani.

Hapa ndipo Mbiti ananishinda. Kama hadhi ya marehemu inategemea kukumbukwa kwa jina, basi mwizi ana njia rahisi ya kujisafisha: afute lebo. Akishafuta lebo, mfu anakuwa wa zamani kabla ya muda wake, na wajibu unakwisha. Kadiri dhuluma inavyokuwa kubwa ndivyo deni linavyokuwa dogo. Haiwezi kuwa sawa hiyo. Sisemi Mbiti alitaka tufike huko. Alikuwa anaeleza jinsi watu wanavyoishi na wafu wao, na alieleza kwa upendo. Lakini sisi wasomaji wake tumekifanya kitabu kile kuwa jibu la swali ambalo hakikuulizwa: kwamba mfu ana haki gani. Kumbukumbu inaeleza kwa nini tunadai. Haielezi kwa nini tunastahili kudai.

Kuna njia nyingine, na niliikuta kwa wanafalsafa wawili wa Marekani, Joel Feinberg na George Pitcher, walioandika mwaka mmoja, 1984. Wanasema tusimtafute mwathirika baada ya kifo. Tumtafute kabla. Anayedhulumiwa si mifupa wala mzimu. Ni mtu yule alipokuwa hai, mwenye mipango, matamanio na heshima ambayo baadhi yake inavuka siku yake ya kufa.

Mara ya kwanza hoja hii inasikika kama mazingaombwe. Jambo la Jumatano limdhuruje mtu wa Jumatatu? Nieleze kwa mfano wa kwetu. Mama wa Rungwe anauza ng'ombe wake wawili ampeleke mwanawe chuo. Kijana anazitumia hela Mbeya mjini na chuo hafiki. Mama hajui, anakufa kwa amani akiamini mwanawe anasoma. Je, siku ile alipowatoa ng'ombe zizini, kafara yake ilikuwa ya bure au haikuwa? Tunasema ilikuwa ya bure, tena tunasema kwa uchungu. Hakuna kilichorudi nyuma kumgusa. Kilichofanyika baadaye kimefanya iwe kweli kwamba alichokifanya kilikuwa bure, na hakuhitaji kujua ili iwe hivyo.

Sasa mtazame Mkwawa na bunduki yake. Alichokifanya tarehe 19 Julai 1898 kinasomeka kama wosia. Hakuandika, hakuita mashahidi, lakini kitendo kilisema: hamtanichukua. Kumkata kichwa na kukisafirisha ni kuutangua wosia huo. Aliyedhulumiwa ni mwanamume yule aliye hai, aliyekuwa anahesabu risasi zake, na madai yake hayategemei sisi kumkumbuka. Ndivyo ilivyo kwa wale 83 pia. Hatujui majina yao, lakini tunajua bila shaka kwamba kila mmoja wao alikuwa mtu hai wa mahali ambapo watu huzikwa, na kwamba hakuna hata mmoja aliyetamani kuwekwa rafuni na kuwa namba. Hiyo inatosha kuwa na deni.

Tuna methali inayosema maiti haulizwi sanda. Naisikia misibani, na mara nyingi anayeitoa ana jambo lake analotaka lipite bila kuhojiwa. Lakini isikilize vizuri. Maiti haulizwi, ndiyo. Je, kuna anayetoa hoja kwamba asipewe sanda? Ukimya wake unaondoa maswali tu. Wajibu unabaki, tena unabaki wote mabegani mwetu, kwa sababu hawezi kusaidia kuubeba.

Na sasa deni langu.

Bibi yangu mzaa baba aliishi miaka yake ya mwisho Mbeya, nyumbani kwa baba mdogo. Babu amelala Rungwe, kwenye migomba ya nyumba ya zamani. Jioni moja tukiwa wawili tu, namkanda miguu, aliniambia, "Mjukuu wangu, usiwaache waniweke mjini. Nilaze kwa babu yako." Nikamjibu, "Sawa bibi, nimekuahidi." Sikufikiri sana. Nilikuwa na miaka 29, na kumwahidi mzee anayeumwa ni kama kumpa maji.

Alipofariki, kikao cha ukoo kilimaliza jambo kwa nusu saa. Shamba la Rungwe lilikuwa limeshapata mnunuzi, na kila mtu anajua kwamba shamba lenye kaburi jipya haliuziki, au linauzika kwa bei ya kuomba. Hilo halikusemwa. Kilichosemwa ni barabara, mvua, na gharama za magari. Nilinyoosha mkono, nikasema bibi alitaka kulazwa kwa babu. Baba mkubwa akaniuliza kwa upole, "Alimwambia nani mwingine?" Hakuna. Kisha akageukia wazee akasema, "Mama alikuwa ameridhika na hapa. Hapa ndipo kwake." Nikakaa kimya. Alizikwa Mbeya.

Baadaye, kwa tabia ya kazi yangu, nilikwenda kutafuta sheria inasemaje. Kwa wanaofuata sheria ya mila, kanuni za wosia zilitangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali namba 436. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi, kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, unataka angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kuna busara hapo. Marehemu hawezi kuitwa kizimbani kukanusha, kwa hiyo sheria inataka watu wa pande mbili ambao si rahisi wote kunufaika na uongo mmoja. Mimi nilikuwa shahidi mmoja, wa ukoo, mjukuu tu. Na hata ningekuwa na wanne, kanuni zile shughuli yake hasa ni mali, nani apate nini. Mwili si mali ya kurithiwa.

Kenya walilipitia hili hadharani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga. Mwili ulikaa miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga, Mei 1987, baada ya Mahakama ya Rufani kuamua kwamba matakwa ya marehemu husikilizwa lakini hayawezi kuipindua mila. Cohen na Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima juu ya kesi ile, na kinachonivutia mimi ni hiki: hakuna upande uliosema matakwa ya Otieno hayana maana. Pande zote mbili zilileta mashahidi wa kusimulia aliyoyasema. Waliogombana juu ya mwili wake waligombania kwanza mdomo wake.

Ndipo nikaelewa kilichoniuma kwenye kikao chetu. Mila inaweza kushinda matakwa, hata umaskini unaweza. Kama baba mkubwa angesema, "Najua mama alitaka Rungwe, lakini tumeshindwa," ningelia nikanyamaza. Ahadi zinavunjika kwa sababu za kweli. Hata Feinberg na Pitcher hawatakwambia kwamba kila tamanio la marehemu ni amri. Ni dai moja kwenye mizani yenye madai mengine, ya wajukuu wenye njaa na ada za shule. Lakini alichosema ni kwamba ameridhika. Yaani hakuvunja matakwa yake tu. Alimwandikia mengine, akayatia sahihi yake.

Ahadi kwa marehemu ina ugumu mmoja ambao ahadi nyingine hazina. Nikikuahidi kuja harusini na nikashindwa, naweza kukupigia simu, ukaniambia basi, usijali, nimekusamehe. Ni wewe peke yako mwenye mamlaka ya kunifungua. Bibi angeweza kunifungua siku yoyote kabla hajafa. Sasa hakuna mwenye ufunguo. Si ukoo, si mchungaji, si mimi mwenyewe. Wanaosema kifo kimefuta ahadi wanakosea hesabu: kifo kimeondoa mtu pekee aliyeweza kuifuta.

Basi mtu afanye nini na ahadi isiyotekelezeka wala kufutika? Hapa ndipo jibu la mwongozaji wa Kalenga linaponirudia. "Wazee walilipokea, dada."

Angalia hakusema "ndiyo, ni lake". Hakusema "hapana" pia. Alisema jambo ambalo ni kweli na linatosha kwa alivyo na uhakika nalo. Mwaka 1954 watu wa Uhehe walitendewa haki kiasi kilichowezekana: mbele yao mtawala alikiri kwa kitendo kwamba kichwa kilichukuliwa na kwamba kilipaswa kurudi. Wao wakaifanya sehemu yao, wakampokea aliyeletwa. Kama ni Mkwawa, amerudi. Kama si yeye, basi kuna mgeni aliyepewa hifadhi, na ahadi kwa Mkwawa bado haijatimizwa, na ahadi kwa mgeni huyo bado haijatolewa hata. Kusema "walilipokea" kunaacha milango yote hiyo wazi. Kusema "ni lake, mjadala umefungwa" kungefunga mmoja ambao huenda mtu yuko nje yake anagonga.

Na wanaogonga ni wengi. Jijini Berlin watafiti wa taasisi ya urithi wa Prussia wamechunguza mafuvu kama 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, na takriban 200 ya Tanzania. Mwaka 2023 vinasaba vilikutanisha baadhi ya mafuvu na jamaa walio hai Kilimanjaro. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi pale Songea, akaahidi kusaidia kutafuta kichwa cha Chifu Songea Mbano. Naipokea ahadi hiyo, ila nina ombi moja kama msomaji wa kifungu cha 246. Safari hii sentensi iandikwe vizuri. Isiwe tena ahadi ya serikali kwa serikali juu ya wenye majina makubwa tu. Asiye na jina naye awe mlengwa, kwa sababu kukosa kwake jina ni sehemu ya alichofanyiwa.

Kuhusu bibi, sikufukua kaburi na wala sikusudii. Shamba liliuzwa, migomba ina mwenyewe mwingine. Nilichofanya ni kwenda kwa shangazi, ambaye ndiye hutunza ile daftari ya ukoo, nikamwomba mahali palipoandikwa bibi kazikwa wapi aongeze mstari. Alinitazama muda mrefu. "Wazee watasemaje, mwanangu?" Nikamwambia shangazi, waseme tu, mimi ndiye niliyeahidi. Akachukua kalamu.

Sasa imeandikwa: amezikwa Mbeya, alitaka Rungwe.